Kumbukumbu za kamati ya kutathmini zabuni: jinsi ya kuziandika zisimame mbele ya rufaa

Miaka michache iliyopita wakili wa ofisi niliyokuwa nikifanyia kazi hapa Nairobi aliniita akiwa na faili langu mkononi. Mzabuni mmoja alikuwa amekata rufaa, na wakili alikuwa na swali moja tu: ni wapi nimeandika sababu ya mzabuni huyo kupata alama 20 za uzoefu ilhali mjumbe mmoja alikuwa amempa 30? Nilipekua kurasa nikijua jibu. Nilikuwa nimeandika, "Baada ya majadiliano, kamati ilikubaliana kuhusu alama." Majadiliano yenyewe niliyakumbuka vizuri, hata nani alisema nini. Karatasi haikuyakumbuka.

Tangu hapo naandika kwa namna nyingine, na ndiyo nitakayoeleza hapa kwa mfano mmoja. Mfano nimeubuni, pamoja na bei na alama zake, lakini umefuata utaratibu wa Sheria ya Ununuzi na Uuzaji wa Mali ya Umma ya mwaka 2015. Taasisi ya umma iliyo Upper Hill inatafuta kampuni ya kufanya usafi kwa mwaka mmoja. Bajeti iliyo kwenye mpango wa ununuzi ni shilingi 8,500,000. Zabuni 5 zilifunguliwa tarehe 4 Machi na bei zikasomwa mbele ya wazabuni. Waraka wa zabuni unasema atakayepita hatua ya hati, akapata alama 75 au zaidi kati ya 100 za kiufundi, atalinganishwa kwa bei, na mwenye bei ya chini ndiye atakayependekezwa.

Hatua ya 1: Andika kamati ni nani, kabla ya jambo lingine lolote

Kifungu cha 46 kinataka wajumbe kati ya 3 na 5, wakiwemo mkuu wa idara inayohitaji huduma na wakuu wa idara nyingine mbili, au wawakilishi wao. Katibu hutoka kitengo cha ununuzi. Yeye hatoi alama. Kwa hiyo ukurasa wa kwanza utaje kila mjumbe, idara yake, na tarehe ya barua iliyomteua.

Katika mfano wetu wajumbe ni wanne: wa utawala (ndiyo idara inayohitaji usafi), wa fedha, wa sheria na wa teknolojia ya habari. Zishike idara hizo akilini, maana muda si mrefu mmoja atatoka chumbani na itabidi tuhesabu upya.

Andika pia tarehe kazi ilipoanza. Sheria inaipa tathmini siku zisizozidi 30, na katibu asiyeandika siku ya kuanza hawezi kuonyesha kwamba alimaliza kwa wakati.

Hatua ya 2: Matamko ya mgongano wa maslahi

Hapa ndipo kumbukumbu nyingi hukaa mstari mmoja: "Hakuna mjumbe aliyetangaza mgongano." Shida ya mstari huo ni kwamba mara nyingi wajumbe hutia sahihi fomu ya tamko wakiwa wameona majina ya kampuni tu. Jina la kampuni halimwambii mtu kitu. Shemeji yako anaweza kuwa mkurugenzi wa kampuni ambayo hujawahi kuisikia. Majina ya watu yako kwenye CR12, ile hati ya msajili wa kampuni inayoonyesha wakurugenzi na wenye hisa, na hati hiyo iko ndani ya zabuni.

Kwa hiyo kabla fomu hazijasainiwa, mimi husoma kwa sauti majina yote yaliyo kwenye kila CR12, kampuni baada ya kampuni, halafu natulia kidogo. Ukimya huo huwa na kazi yake. Mwaka mmoja mjumbe alikohoa, akaniomba nirudie jina la tatu.

Mtu akitangaza, usiandike "mjumbe mmoja alijiondoa kwa sababu za kibinafsi." Andika uhusiano wenyewe, zabuni inayohusika, alichokuwa ameshagusa, na saa aliyotoka. Kwa mfano wetu ingekuwa hivi:

> Kumb. 3: Tamko la mgongano wa maslahi. Katibu alisoma majina ya wakurugenzi na wenye hisa wa wazabuni wote 5 kutoka kwenye CR12. Mjumbe kutoka idara ya teknolojia ya habari alitangaza kuwa mkurugenzi mmoja wa Mzabuni 1 ameoa dada yake. Alieleza kuwa hakushiriki kuandaa waraka wa zabuni, na kwamba hajafungua hati ya mzabuni yeyote. Alitoka chumbani saa 4:25 asubuhi na hakurudi. Wajumbe wengine watatu na katibu walitangaza kuwa hawana mgongano na mzabuni yeyote. Fomu zao zimeambatishwa.

> Kumb. 4: Uhalali wa kamati. Kamati ilibaki na wajumbe 3, kutoka utawala, fedha na sheria. Mwenyekiti aliona kuwa idadi na mchanganyiko wa idara bado vinatimiza kifungu cha 46. Katibu aliagizwa kumwarifu afisa mhasibu kwa maandishi siku hiyo hiyo.

Ile Kumb. 4 husahaulika sana. Kama angetoka mjumbe wa utawala, kamati ingebaki na watu watatu lakini bila idara inayohitaji huduma, na kikao kingelazimika kusimama mpaka mkuu wa taasisi, ambaye kisheria ndiye afisa mhasibu, ateue mwingine.

Je, mgongano ukigunduliwa katikati, alama zikiwa zimeshatolewa? Zifute zote za mjumbe huyo, kwa wazabuni wote, si kwa yule wa shemeji yake peke yake. Aliyependelea mmoja huenda amewakandamiza wengine. Kisha andika kuwa zimefutwa, na karatasi zake zihifadhiwe kwenye faili zikiwa zimekatwa mstari. Usizitupe. Anayekatazwa na kifungu cha 66 kushiriki ni mjumbe mwenye mgongano. Kukiwa na dalili kwamba mzabuni alitafuta kumshawishi mjumbe, hilo ni jambo jingine na linaandikiwa ripoti yake.

Usiingie kwenye ubishi wa kama undugu fulani ni wa karibu vya kutosha. Nimeona kamati ikipoteza asubuhi nzima ikijadili binamu. Kama mjumbe ameona haja ya kutangaza, mwandike. Kama kuna shaka, atoke. Siku hizi kuna pia Sheria ya Mgongano wa Maslahi ya mwaka 2025, na anayenyamaza anajitafutia makubwa kuliko kukosa kikao.

Hatua ya 3: Uchunguzi wa hati, ambao ni ndiyo au hapana

Hatua hii haina alama, na isikuchukue kurasa nyingi. Jedwali moja linatosha: masharti upande mmoja, wazabuni upande mwingine, na kila "hapana" iwe na maelezo yake chini.

Maelezo yawe ya kitu kinachoonekana. Katika mfano wetu Mzabuni 4 alianguka kwa dhamana ya zabuni. "Dhamana haikutosheleza" si sababu. Sababu ni hii: sharti lilitaka dhamana iwe hai siku 150 tangu kufunguliwa, yaani hadi tarehe 1 Agosti, dhamana iliyo ukurasa wa 12 inakwisha tarehe 2 Julai. Mzabuni 2 naye alianguka kwa sababu kurasa za 41 hadi 58, kwa kuhesabu kwa mkono, hazina namba, na waraka ulitaka kurasa zote zipigwe namba mfululizo. Hilo huonekana dogo, na mjumbe mmoja huwa hakosi kusema, "Jamani, kwa namba tu?" Lakini sharti la namba limo kwenye sheria yenyewe, nalo linazuia ukurasa kuchomekwa au kuchomolewa baada ya zabuni kufunguliwa. Andika hivyo, maana mzabuni atakayesoma barua ya kukataliwa atauliza swali lile lile.

Waliobaki ni Mzabuni 1, 3 na 5.

Hatua ya 4: Alama za kiufundi, kila mtu peke yake kwanza

Vigezo katika waraka wetu vilikuwa vinne: uzoefu alama 30, wafanyakazi 25, vifaa 20 na mpango kazi 25. Kila mjumbe anajaza karatasi yake bila kuonyeshana, anaisaini, anaweka tarehe, ndipo zinakusanywa. Katibu azikusanye kabla chai haijaingia. Sitanii: zikibaki mezani wakati wa chai, zitalinganishwa.

Na hapa kuna mtego wa bei. Bei zilisomwa hadharani siku ya kufungua, kwa hiyo kila mjumbe anajua kuwa Mzabuni 3 ndiye wa chini kabisa, kwa shilingi 7,140,000. Katika sehemu hii ya kumbukumbu neno "bei" lisionekane kabisa. Mjumbe akisema "huyu tumwangalie vizuri, ana bei nzuri," mwenyekiti amrudishe kwenye kigezo.

Sasa tuje kwenye kile kilichonifikisha kwa wakili. Kigezo cha uzoefu kilisema: alama 10 kwa kila mkataba wa usafi wa jengo lisilopungua mita za mraba 5,000, hadi mikataba 3, ndani ya miaka 5 iliyopita, barua ya mteja ionyeshe tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Kwa Mzabuni 3, wajumbe wawili walitoa 30 na mmoja, wa sheria, akatoa 20.

Njia ya mkato ni kuchukua wastani: 80 kugawa kwa 3 ni 26.67. Mzabuni 3 alikuwa amepata 20 za wafanyakazi, 18 za vifaa na 14 za mpango kazi. Ukijumlisha anafika 78.67, amepita. Lakini wastani hapa unaficha swali. Kuhusu mpango kazi, watu wawili wanaweza kuona tofauti, mmoja akatoa 13 na mwingine 15, na wastani ni wa haki. Kuhusu barua, aidha ina tarehe au haina. Hakuna barua yenye theluthi mbili ya tarehe.

Kwa hiyo alama zikitofautiana kwenye kitu kinachoweza kukaguliwa, rudini kwenye ukurasa wenyewe. Walirudi, na barua iliyo ukurasa wa 87 haikuwa na tarehe yoyote ya mkataba. Kumbukumbu ikasema:

> Kumb. 9: Tofauti ya alama za uzoefu, Mzabuni 3. Alama za awali: utawala 30, fedha 30, sheria 20. Mjumbe wa sheria alionyesha kuwa barua ya mteja wa tatu, ukurasa wa 87, haina tarehe ya kuanza wala ya kumaliza mkataba, hivyo haiwezi kuthibitishwa kuwa ni ya miaka 5 iliyopita. Wajumbe wote walikagua ukurasa huo. Wajumbe wa utawala na fedha walirekebisha alama zao kuwa 20, na wakasaini kando ya rekebisho. Kamati ilikagua tarehe kwenye barua zote 3 za Mzabuni 1 na zote 3 za Mzabuni 5. Zote zina tarehe. Jumla ya Mzabuni 3 ni 72, chini ya alama 75 zinazotakiwa.

Angalia mambo yaliyomo. Alama za awali zimebaki, hazikufutwa. Ukurasa umetajwa. Aliyebadili amesaini mahali alipobadili. Na sentensi ya mwisho kabla ya jumla ndiyo mimi naithamini kuliko zote: kipimo kile kile kimepitishwa juu ya wenzake. Bila hiyo, wakili wa Mzabuni 3 atauliza kama wengine nao walikaguliwa tarehe kwa jicho hilo, na hutakuwa na jibu.

Kuna atakayesema kamati ingemwandikia Mzabuni 3 imwombe tarehe. Kifungu cha 81 kinaruhusu kuomba ufafanuzi kwa maandishi, lakini jibu haliwezi kubadilisha kiini cha zabuni. Kuuliza "takwimu hii ya ukurasa wa 30 ni ya mwezi au ya mwaka?" ni ufafanuzi. Kumwomba mtu alete tarehe ambazo waraka ulimtaka azionyeshe, ili avuke kutoka 72 kwenda 82, ni kumkamilishia zabuni baada ya mlango kufungwa. Mimi ningekataa. Kamati ikiomba ufafanuzi wowote, barua na jibu vyote viambatishwe.

Na kama mjumbe mmoja angekataa kubadili? Asilazimishwe. Andika msimamo wake kwa maneno yake, asaini, na kamati iendelee kwa maoni ya walio wengi. Ripoti yenye mjumbe mmoja anayepinga waziwazi haina ubaya wowote. Ubaya ni sahihi yake kukosekana na hakuna anayejua kwa nini.

Hatua ya 5: Bei, na pendekezo

Sasa bei inaruhusiwa kuingia. Waliovuka 75 ni wawili: Mzabuni 1 mwenye alama 88 na bei ya shilingi 8,460,000, na Mzabuni 5 mwenye alama 81 na bei ya shilingi 7,980,000.

Kosa la kawaida ni kupendekeza mwenye 88 "kwa kuwa ana ubora zaidi." Waraka haukusema hivyo. Alama zilikuwa kizingiti tu: ukishavuka, hazikusaidii tena. Kifungu cha 80 kinataka tathmini ifuate vigezo vilivyo kwenye waraka, na waraka ulisema bei ya chini kati ya waliovuka. Kama idara ilitaka ubora upewe uzito dhidi ya bei, ilipaswa kusema hivyo wakati waraka unaandikwa.

Bei iandikwe kama ilivyosomwa siku ya kufungua. Usiipunguze, usiirekebishe, usiipige upya. Kifungu cha 82 kinaichukulia kuwa ya mwisho.

Halafu hoja ya pendekezo. Watu huandika aya ndefu ya sifa: kampuni yenye weledi, yenye jina. Vitu hivyo havikupimwa na mtu, viache. Hoja ijibu maswali mawili tu, kwa nini huyu na kwa nini si yule:

> Kumb. 12: Pendekezo. Kamati inapendekeza Mzabuni 5 kwa shilingi 7,980,000, kwa kuwa alitimiza masharti yote ya hati, alipata alama 81 za kiufundi, na bei yake ndiyo ya chini kati ya wazabuni wawili waliovuka alama 75. Bei hiyo iko ndani ya bajeti ya shilingi 8,500,000. Mzabuni 3 ana bei ya chini zaidi lakini hakufika hatua ya bei (tazama Kumb. 9). Mzabuni 1 ana alama nyingi zaidi, lakini kwa mujibu wa waraka alama hazilinganishwi baada ya kuvuka kizingiti.

Mtaje mwenye bei ya chini aliyeanguka, usimkwepe. Mkaguzi ataanza na yeye.

Hatua ya 6: Kwenda kuona

Kifungu cha 83 kinairuhusu kamati, baada ya tathmini na kabla ya kutoa zabuni, kuthibitisha sifa za mzabuni wa bei ya chini aliyetimiza masharti. Huyo tu. Usizunguke kwa wazabuni wengine ili ulinganishe ofisi zao.

Ikiwa wateja wake wawili wako Viwandani na Barabara ya Ngong, ni siku nzima kwa foleni zetu. Andika mliyemkuta kwa cheo chake, mlichouliza, na mlichoona: mkataba upo kweli, jengo lina ukubwa uliotajwa, wafanyakazi wapo kazini. Ziara hii haiongezi wala kupunguza alama. Mkikuta uongo, kwa mfano barua ambayo mteja anasema hakuiandika, andikeni hilo kikamilifu. Ripoti ya ziara ni waraka wa peke yake: kila aliyekwenda anaweka herufi za jina lake kwenye kila ukurasa, na mwishoni sahihi, jina kamili na cheo.

Hatua ya 7: Sahihi, na safari ya faili

Kumbukumbu na ripoti zisainiwe wajumbe wakiwa bado wanakumbuka, ikiwezekana siku ile ile. Ukizipeleka ofisi kwa ofisi wiki mbili baadaye, kila mtu atataka kubadilisha neno. Kisha ripoti huenda kwa mkuu wa ununuzi, naye huandika maoni yake ya kitaalamu chini ya kifungu cha 84 kwa afisa mhasibu. Kamati inapendekeza, haitoi zabuni. Kwa hiyo usiandike popote "kamati ilimpa zabuni Mzabuni 5." Nimeona sentensi hiyo ikiulizwa.

Wazabuni wote wakishaarifiwa, mkataba hausainiwi kabla ya siku 14 kupita, na ndani ya siku hizo 14 aliyeshindwa anaweza kukata rufaa kwa bodi ya rufaa za ununuzi wa umma, ambayo huamua ndani ya siku 21. Barua ya Mzabuni 3 inakiliwe kutoka Kumb. 9, neno kwa neno inapowezekana. Barua ikisema sababu moja na kumbukumbu ikisema nyingine, umempa hoja.

Faili likae angalau miaka 6. Ndani yake, pamoja na kumbukumbu, weka karatasi za alama za kila mjumbe zilizoandikwa kwa mkono, hata zile zenye chai juu yake, na fomu ya mjumbe aliyetoka saa 4:25.